Nimemkataza mwanangu kahawa, kumbe anakunywa enaji kila usiku. Ipi ina nguvu zaidi?

MamaWawili
Habari za jioni ndugu zangu. Nina watoto wawili. Mkubwa ana miaka 16, yuko kidato cha nne shule ya kutwa, na mdogo ana miaka 9. Kwangu kahawa ni marufuku kwa watoto, kwa sababu nimekua nikiambiwa kahawa ni ya wazee. Baba yao ni mtu wa Bukoba, na kila asubuhi nikiwa bafuni humkorogea mdogo nusu kikombe cha Africafe yenye maziwa. Juzi nimemfuma, tukagombana.

Tukiwa katikati ya ugomvi, mkubwa akapita na chupa yake ya enaji, ile ya plastiki ya nusu lita. Hunywa moja kila siku ya shule saa 2 usiku ili asome mpaka saa 6. Hiyo sijawahi kuikataza, nilikuwa naichukulia kama soda. Baba yao akaniambia, "Unamnyima mdogo kijiko cha kahawa, na huyu anakunywa buli zima mbele ya macho yako." Nikakosa la kujibu.

Naomba ukweli. Enaji na kahawa ipi ina nguvu zaidi? Soda je? Na kahawa inamdhuru mtoto kwa namna gani hasa? Kuna jambo jingine, sijui kama linahusiana: mkubwa analalamika kichwa mwisho wa wiki, hasa Jumapili. Nimempima malaria mara tatu, hakuna kitu.

Mzee_Kibaraza
Mama, hapo kwenye kahawa uko sahihi, usirudi nyuma. Kahawa inadumaza. Mtoto akiinywa mifupa inakaza na harefuki. Halafu haitoki mwilini mwake upesi kama kwetu watu wazima, inakaa kutwa nzima inamsumbua. Enaji na soda ni sukari na rangi tu, zinaharibu meno lakini hazina kahawa ndani yake. Mimi wajukuu zangu nawanunulia soda, buli la kahawa hawaligusi.

Bukoba_Damu
Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima, hilo la kudumaa mimi nalikataa kwa macho. Kijijini kwetu mgeni akifika, kabla ya kuulizwa habari analetewa amwani, kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na majani yake kisha zikakaushwa. Watoto tulikuwa tunazungushiwa kibakuli pamoja na wakubwa. Nilianza kutafuna nikiwa na miaka sita au saba. Kaka zangu wote wanainama kupita mlangoni.

Nisichokijua ni kama tulikuwa tunalala vizuri. Hakuna aliyetuuliza.

Mfamasia_Kitaa
MamaWawili, nina duka la dawa na swali lako nalipata karibu kila wiki, ila wengi huniuliza kuhusu kahawa na kuisahau chupa. Nitakujibu kwa hesabu ya nyumbani kwako.

Kinachokesha mtu ni kafeini. Iliyomo kwenye kahawa, kwenye Coca-Cola na kwenye enaji ni kitu kilekile, mwili hauulizi imetoka wapi. Kwa hiyo swali si kinywaji kinaitwaje, swali ni miligramu ngapi zimeingia, kwa mtoto wa uzito gani, na saa ngapi.

Kijiko cha chai cha kahawa ya kopo, kama gramu 2, hutoa kati ya miligramu 50 na 70. Mume wako akitia nusu kijiko kwenye maziwa, mdogo anapata kama 30. Coca-Cola ya mililita 330 ina kama 32. Yaani ile nusu kikombe unayoigombania na soda unayompa kwenye sherehe ni mamoja kwa kafeini, ila soda inaleta na sukari gramu 35, karibu vijiko vya chai tisa. Fanta ya machungwa na Sprite hazina kafeini, hizo ni sukari peke yake.

Sasa enaji. Chukua chupa ya mwanao, tafuta kwenye lebo panapoandikwa kafeini kwa mililita 100. Kiwango cha kawaida ni 30 au 32. Red Bull, kwa mfano, ni 32, na kikopo chake cha mililita 250 kina miligramu 80. Tatizo ni kwamba lebo inasema "kwa mililita 100" na mtoto hanywi mililita 100, anamaliza chupa. Nusu lita yenye 32 ni mara tano: miligramu 160. Hizo ni Coca-Cola tano za 330 kwa mpigo. Kwa Africafe ni kama vijiko viwili na nusu. Baba yao aliposema buli zima hakuwa mbali.

MamaWawili
Nimeenda kuangalia kwenye pipa. Imeandikwa 32 kwa 100 ml, kwa maandishi madogo mno, nimetumia tochi ya simu. Nimeshtuka. Je, 160 kwa mtoto wa miaka 16 ni nyingi kiasi gani? Yeye ana kilo 50. Mdogo ana kilo 26.

Mfamasia_Kitaa
Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilitoa maoni yake mwaka 2015. Kwa mtu mzima walisema mpaka miligramu 400 kwa siku, na si zaidi ya 200 kwa mkupuo mmoja. Kwa watoto na vijana wakapima kwa uzito: miligramu 3 kwa kila kilo kwa siku. Kanada ni wakali kidogo, 2.5 kwa kilo kwa walio chini ya miaka 12.

Mkubwa wako: kilo 50 mara 3 ni 150. Chupa moja ina 160. Ameshavuka mpaka wa siku nzima kwa chupa moja, na hapo hujahesabu chai ya asubuhi, ambayo nayo ina kafeini.

Mdogo: kilo 26 mara 3 ni 78, kwa kipimo cha Kanada 65. Anapata 30. Yuko ndani.

Lakini tuelewane hapa, kwa sababu watu wengi wakisikia "mpaka 78" wanafikiri mtoto anatakiwa kufika huko. Ule ni ukuta wa mwisho. Mtoto wa miaka 9 hana hitaji lolote la kafeini. Mimi wangu simpi, naye ni mkubwa kuliko huyo.

Mzee_Kibaraza
Marahaba Bukoba_Damu. Mfamasia, nimekusoma, na la soda kuwa na kafeini nakiri sikulijua. Lakini bado hujajibu la kudumaa na la kukaa mwilini. Haya siyabuni, tulifundishwa.

Mfamasia_Kitaa
Shikamoo mzee. Nianze na la kudumaa. Hakuna ushahidi kwamba kahawa inazuia mtoto kurefuka. Watu waliogopa kwa sababu kafeini inatoa kalisiamu kidogo kwenye mkojo, lakini ni kidogo sana, vijiko vichache vya maziwa vinairudisha. Hofu hiyo pia ilisukumwa na matangazo ya biashara. Kule Marekani mwishoni mwa miaka ya 1800, bwana mmoja aitwaye C. W. Post alitengeneza kinywaji cha nafaka kiitwacho Postum, akajaza magazeti matangazo ya kutisha kuhusu kahawa ili watu wanunue chake.

La kukaa mwilini una nusu ya ukweli. Kwa mtu mzima nusu ya kafeini huondoka kwa wastani wa saa 5, ingawa wengine ni 3 na wengine 7. Mtoto aliyekwishapita umri wa kunyonya anaiondoa kwa kasi hiyohiyo, hata zaidi. Anayekaa nayo muda mrefu ni kichanga, kwa sababu ini lake halijapevuka. Kwake ni siku kadhaa ndipo nusu itoke. Kwa mtoto wa miaka 9 shida ni udogo wa mwili: kikombe kilekile kinagawanywa kwenye kilo 26 badala ya 70.

MamaKichanga
Samahanini, mmenitia hofu. Mimi nina mtoto wa wiki tatu na nakunywa kahawa kila asubuhi nikiwa nanyonyesha. Mnasema anakaa nayo siku kadhaa! Niache leo?

Mfamasia_Kitaa
Usiogope mdogo wangu, yeye hanywi kahawa, anapata kile kidogo kinachopita kwenye maziwa. Wale wale wa Ulaya walisema mama anayenyonyesha akibaki chini ya 200 kwa siku hakuna wasiwasi. Kikombe kimoja cha asubuhi kiko chini ya hapo. Ukiona mtoto anahangaika na halali, punguza uone kama atabadilika. Ila mada ya dada ni ya watoto wakubwa, tusimwache njiani.

Kidato4_PCB
Shikamooni wote. Mimi ni mwanafunzi, nitamtetea huyo ndugu yangu. Silabasi ni kubwa, mtihani ni Novemba, shuleni tunatoka saa 11 jioni, nyumbani ni saa 1. Bila enaji nalala kwenye daftari. Nikinywa naelewa, nasoma mpaka saa 7. Kahawa nimejaribu, chungu, na inachukua muda kunywa. Kama miaka 16 ni mdogo kwa enaji, basi mtuambie tusome saa ngapi.

NesiZamu
Marahaba mwanangu. Umesema kitu kikubwa bila kujua: "inachukua muda kunywa". Hiyo ndiyo tofauti ya kahawa na enaji ambayo hesabu ya miligramu peke yake haionyeshi. Kahawa ni ya moto na ni chungu, unainywa kwa dakika 20 au nusu saa, na mdomo wenyewe unakuambia basi. Enaji ni baridi, tamu, ina gesi, mtoto mwenye kiu baada ya mpira anaimaliza kwa dakika mbili na kutaka nyingine. Mwili unapokea zote kwa pamoja.

Mwaka 2017 huko Karolina ya Kusini, Marekani, kijana wa miaka 16 mwenye afya alianguka darasani akafariki. Afisa wa serikali anayechunguza vifo hakukuta ugonjwa wa moyo. Alikuta kwamba ndani ya muda wa kama saa mbili kijana alikunywa kahawa ya maziwa, soda kubwa yenye kafeini, na enaji. Akasema waziwazi kuwa shida haikuwa jumla tu, bali kasi ya kuzinywa, mapigo ya moyo yakavurugika. Ni jambo la nadra sana, sikutishi ili ulale. Ila uone kwamba vitu vitatu vya kawaida vilijumlishwa na hakuna aliyekuwa anahesabu.

Kwetu naogopa zaidi. Kuna watoto wengi wenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi baada ya maambukizi ya koo, na hawajui. Mtoto anayechoka mapema kwenye michezo kuliko wenzake, aliyewahi kuzimia akikimbia, au anayesikia moyo unaruka, asiguse enaji mpaka asikilizwe kifua na daktari.

Mfamasia_Kitaa
Naongeza hapo kwa nesi. Kuna dawa zinazobadilisha hesabu yote. Siprofloksasini, ambayo watu wanaimeza ovyo kwa taifodi na mkojo, inalizuia ini kuondoa kafeini. Chupa ile ile uliyozoea inakaa muda mrefu zaidi. Na mwenye pumu anayetumia aminofilini, hiyo ni ndugu wa kafeini, akichanganya anajiongezea kutetemeka na moyo kwenda mbio. Nimeshamrudisha kijana mmoja dukani kwangu aliyeshika vyote viwili, vidonge mkono mmoja na chupa mkono wa pili.

Kidato4, kuhusu kusoma, tufuate chupa ya mtoto wa dada kwa saa. Amekunywa 160 saa 2 usiku. Saa 7 usiku, saa tano baadaye, zimebaki 80. Amefunga daftari saa 6 na ameingia kitandani akiwa bado na kikopo kizima cha Red Bull kwenye damu. Saa 12 asubuhi anaamka akiwa na 40. Kuna utafiti wa mwaka 2013 kwa watu wazima, waliopewa 400 saa sita kabla ya kulala wakapoteza zaidi ya saa moja ya usingizi, na wengi hawakuhisi hivyo wenyewe. Kijana wa umri wako anatakiwa saa 8 hadi 10. Ulichosoma saa 6 usiku kinapangwa kichwani wakati umelala, na usingizi ndio uliouuza kununua hiyo saa.

Kidato4_PCB
Nimeelewa. Lakini saa 2 usiku usingizi unakuja kweli, na usingizi haujui utafiti wa mwaka 2013.

NesiZamu
Unakuja kwa sababu jana ulilala saa 8 usiku. Jaribu wiki moja: lala saa 4, amka saa 10 alfajiri usome kwa saa mbili kichwa kikiwa kipya. Na kama lazima kafeini, iwe chai au kahawa hiyo saa 10 alfajiri. Itakuwa imepungua sana ikifika usiku.

Hata hivyo hiyo ni saa 6 za kulala, bado ni chache. Safari ya shule inayomla mtoto saa mbili ni tatizo ambalo mimi sina dawa yake, na sitajifanya ninayo.

BintiMvita
Nami nimeingiwa na hamu ya kujua. Kwetu Mombasa kahawa ni ya finjani, na vijana wa miaka 13, 14 wanakaa na baba zao barazani jioni, finjani mbili tatu na kashata. Nimechukua finjani ya nyumbani nikaipima kwa bomba la sindano, inaingia mililita 60 ikiwa imejaa, na haijazwi hadi juu. Je, hiyo ni kahawa kali au kidogo? Maana ni chungu kweli.

Mfamasia_Kitaa
Swali zuri dada, na uchungu usikudanganye. Uchungu mwingi unatokana na kukaangwa sana, si kafeini peke yake. Angalia kinachoingia kwenye buli. Arabika ina kafeini kama asilimia 1.2 ya uzito wake, robusta ni karibu mara mbili, asilimia 2 na kidogo. Ukichemsha gramu 10 za arabika, hata ukatoa kafeini yote ni miligramu 120. Ukigawa kwa finjani sita ni 20 kila moja. Robusta gramu hizo hizo ni 200 na zaidi, finjani inakuwa 35 hivi. Mwulize muuzaji anatia gramu ngapi na ni kahawa ya wapi, ya Kilimanjaro au ya Bukoba.

Kwa hiyo kijana wako mwenye kilo 45 akinywa finjani mbili za arabika ana 40, ni kidogo kuliko kikopo cha enaji. Lakini ni jioni, na za robusta tatu zinamfikisha 100 na kitu saa 2 usiku. Umeona ninavyorudi kwenye saa.

Bukoba_Damu
Na ya kutafuna je, mkuu? Umetugusa na robusta yetu.

Mfamasia_Kitaa
Punje moja kavu ya robusta ina uzito wa gramu 0.12 hadi 0.15. Kwa asilimia 2 ni kama miligramu 3. Tunda lina punje mbili, kwa hiyo 6 kwa juu kabisa, maana kuchemsha kunaondoa sehemu. Mtoto akitafuna matunda matano ni 30, nusu kikombe cha baba yake. Akijaza mfuko na kutafuna kutwa akiwa likizo, hapo hakuna anayehesabu.

Mbongo_Polandi
Mimi niko Warszawa, nafanya kazi dukani nikisoma. Tangu Januari 2024 hapa ni kosa kumuuzia enaji mtu wa chini ya miaka 18. Naomba kitambulisho kama vile ananunua bia. Sheria inagusa vinywaji vilivyoongezwa kafeini zaidi ya miligramu 150 kwa lita, au taurini, kiungo kingine kinachotiwa kwenye enaji. Lithuania walianza mwaka 2014, Latvia 2016. Uingereza maduka makubwa yalijiwekea miaka 16 mwaka 2018.

Kinachonishangaza ni kwamba kijana huyo huyo wa miaka 15 ninayemnyima enaji anavuka barabara ananunua kahawa kubwa, na hakuna wa kumuuliza. Kafeini yake inaweza kuwa kubwa kuliko ya kopo. Hata lile onyo la Ulaya la "haipendekezwi kwa watoto" haliwekwi kwenye kinywaji ambacho jina lake lenyewe ni kahawa au chai. Kwangu huo ni upungufu. Au mnaonaje?

Mzee_Kibaraza
Kumbe wazungu nao wana mila zao za kahawa. Mwanangu, mimi naona wako sawa. Kahawa kila mtu anajua ni kahawa. Hiyo chupa ina picha ya mnyama mkali na ladha ya pipi, imetengenezwa kwa ajili ya mtoto.

Mfamasia_Kitaa
Mzee hapo amenishinda. Nilikuwa nataka kusema sheria ipime miligramu tu, lakini anayetafutwa na ile rangi na utamu ni kijana, na kijana hatafuti uchungu.

NesiZamu
Na tena haijathibitika kuwa enaji ni kafeini na sukari tu. Kuna jaribio dogo la Marekani la mwaka 2017, vijana 18 wenye afya. Walipewa enaji ya karibu lita moja yenye miligramu 320, na siku nyingine kinywaji kingine chenye kafeini 320 hiyo hiyo. Kwenye kipimo cha umeme wa moyo, enaji ilirefusha muda wa moyo kujipanga upya kuliko kafeini peke yake.

Mfamasia_Kitaa
Ninalijua, na ndiyo maana sipendi kulivuta sana. Ni watu 18, na ni lita nzima. Ulaya waliangalia taurini mwaka 2015 wakaona kwa viwango vya kawaida haitarajiwi kuongeza madhara ya kafeini. Tukubali kwamba wewe na mimi hatukubaliani.

NesiZamu
Sawa. Ila mimi ndiye ninayewaona usiku wakiletwa mikono ikitetemeka, wanatapika, moyo unakimbia. Kwa kijana, mimi nachagua kikombe cha kahawa asubuhi kabla ya chupa, siku yoyote. Na wote msome hapa: kifua kikimbana, akizimia au akipata degedege, msisubiri maji ya limau. Hospitali, na mwende na chupa yenyewe.

MamaWawili
Nimesoma yote na baba yao amesoma pembeni yangu. Naomba kurudi kwenye kichwa cha Jumapili. Mfamasia hukunijibu.

Mfamasia_Kitaa
Samahani dada, hilo lilinipita. Wikiendi anakunywa?

MamaWawili
Hapana. Hela ya enaji anaitoa kwenye nauli, Jumamosi na Jumapili hana nauli. Ya mwisho ni Ijumaa usiku.

Mfamasia_Kitaa
Basi jibu lako hilo hapo. Mwili uliozoea kafeini kila siku ukinyimwa, kichwa huanza saa 12 hadi 24 baada ya chupa ya mwisho na hukolea siku ya pili. Ijumaa saa 2 usiku mpaka Jumapili asubuhi ni saa 36, katikati kabisa ya kilele. Atakuwa pia mzito, mkali, hana hamu ya kitu. Jumatatu usiku anakunywa, kichwa kinapona, anaamini enaji ni dawa. Cha kuthibitisha: kichwa hicho hakina homa, na kikombe kidogo cha chai ya rangi kinakipunguza ndani ya saa moja. Akiwa na homa, akitapika, shingo ikikaza, au kichwa kikimwamsha usiku, achana na maelezo yangu umpeleke apimwe.

Usimkatishe ghafla wiki ya mitihani. Wiki ya kwanza anywe nusu chupa, na iwe kabla ya saa 10 jioni, nusu nyingine imwagwe, isihifadhiwe. Wiki ya pili kikombe kimoja cha chai mchana. Wiki ya tatu aache au abaki na chai ya asubuhi.

Bukoba_Damu
Na ya mdogo je? Shemeji yetu wa Bukoba ana haki ya kusikia hukumu yake.

NesiZamu
Mimi siangalii kafeini pale, naangalia chakula. Kahawa na chai zikinywewa pamoja na mlo zinazuia madini chuma ya maharage, mboga na nafaka yasiingie vizuri, na watoto wetu wengi damu ni ndogo. Kama baba anataka kunywa naye kitu asubuhi, amkorogee maziwa. Kama ni lazima kahawa, iwe mara moja moja, saa moja mbali na chakula.

MamaWawili
Nimerudi, zimepita wiki tatu. Mkubwa alianza nusu chupa. Wikiendi ya kwanza kichwa kilimuuma vilevile, tukampa chai ya rangi kikapoa, hapo nikaamini. Wiki ya pili alikuwa mkali hata kwa mdogo wake. Sasa analala saa 4 na nusu, anaamka saa 10 na nusu, chai yake anaikoroga mwenyewe. Jumapili mbili hajalalamika. Mtihani wa majaribio alama zimebaki palepale, hazikupanda wala kushuka.

Mdogo tumekubaliana maziwa siku za shule. Jumamosi baba yake amebaki na haki ya robo kijiko, na sijaridhika, lakini nimenyamaza. Desemba tunakwenda kwa babu yao Bukoba, na babu hawezi kupokea mjukuu bila kibakuli cha amwani. Hapo bado sijui nitasema nini.

Bukoba_Damu
Dada, usimkatalie mzee kibakuli, ni salamu. Mtoto achukue tunda moja, ashukuru, kibakuli kiendelee kwa mwingine. Hata sisi ndivyo tulivyofundishwa, wa kuchukua mkono mzima alikuwa anachapwa.